Tovuti Inapodai Uzime Kizuia Matangazo: Njia Nne, na Ipi Inamfaa Nani

Januari, mvua ikiwa imekaza hapa Uyole, mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Isyonje aliingia kwenye steshenari yangu. Simu yake ilikuwa na picha za majani yaliyoanza kupata mabaka meusi pembezoni. "Mwanangu, nitafutie maelezo ya huu ugonjwa, halafu unitolee kwenye karatasi nikamwoneshe baba yenu." Nikatafuta, nikapata makala iliyoonekana nzuri, nikaifungua. Mistari mitatu ya kwanza ikajitokeza, kisha kibao cheupe kikafunika ukurasa wote: tumegundua unatumia kizuia matangazo, kizime ndipo uendelee kusoma.

"Wanataka hela?" mama akauliza.

Nikamjibu hapana, wanataka matangazo yaonekane, kwa sababu hayo ndiyo yanayowalipa. Lakini sikukizima papo hapo. Kompyuta ile wanaitumia watu wengi kwa siku, wengine wameingia kwenye barua pepe zao, wengine wanajaza fomu za mikopo ya chuo, na kila ninachofungua kwa ajili ya mteja mmoja kinaweza kumgusa mwingine. Wateja wengi huniuliza wafanye nini wakikutana na kibao kama kile, na jibu langu hubadilika kulingana na mtu na kifaa chake. Hapa naziweka njia nne ninazozitumia, nizipime kwa maswali yaleyale.

Maswali manne ya kupimia

La kwanza ni usalama: njia hii inafungua mlango kiasi gani, na kwa nani? La pili ni bando, maana tangazo la video linakula MB zako kabla hujasoma aya ya pili. La tatu ni kama makala itafunguka kweli, kwa sababu njia salama isiyokufikisha popote haina faida. La nne ni mwenye tovuti anapata nini. Hili wengi hulipuuza, ila mimi silipuuzi. Aliyeandika makala nzuri bure anategemea matangazo yale kulipia seva na jasho lake.

Kabla ya yote: je, kibao chenyewe ni cha kweli?

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kibao cha kweli kinakuomba uondoe kitu kimoja: kizuizi chako kwenye tovuti ile. Hakikuombi uongeze kitu. Kikianza kukuambia upakue programu, usakinishe kiendelezi "maalumu cha kusomea", yaani programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, ubofye "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti, au uandike namba ya simu upate msimbo, hicho si kibao cha matangazo. Ni mtego uliovaa nguo za kibao.

Kijana mmoja fundi bodaboda alinijia simu yake ikilia kila dakika kwa ujumbe wa "umeshinda" na "simu yako ina virusi". Alikuwa anatafuta matokeo ya mpira, ukurasa ukamwambia azime kizuia matangazo kwa kubofya "Allow". Simu yake haikuwa na kizuia matangazo chochote. Alichokuwa ameruhusu ni tovuti ile imtumie arifa wakati wowote. Tiba yake ilichukua dakika moja: ndani ya Chrome tulifungua "Settings", kisha "Site settings", kisha "Notifications", tukaikuta tovuti ile kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, tukaiondoa. Kelele zikakoma palepale.

Kuna mtego mbaya zaidi kwa wenye kompyuta za Windows. Ukurasa unakuambia ubonyeze Windows + R, kisha Ctrl + V, kisha Enter, eti ndiyo njia ya kuthibitisha. Kumbe ukurasa umeshaweka amri kwenye ubao wako wa kunakili, na wewe mwenyewe ndiye unayeiendesha. Hakuna tovuti ya habari au ya kilimo yenye sababu ya kukuomba hivyo. Funga ukurasa, usijadiliane nao.

Upande wa pili, kibao cha kweli kinaweza kukushutumu bila kosa. Tovuti nyingi hutumia chambo: zinaweka kisanduku kidogo chenye jina ambalo vizuia matangazo hulifahamu, kwa mfano:

```
<div class="adsbox"> </div>
```

Kisha zinapima kimo chake. Kikiwa sifuri, maana yake kuna kitu kimekificha, na kibao kinashuka. Nyingine hujaribu kuita faili kutoka kampuni ya matangazo, na faili lisipofika zinahukumu. Ndiyo maana hata mtu ambaye hajawahi kusakinisha kizuia matangazo anaweza kukutana na kibao. Opera Mini na Brave vina vizuizi ndani yake. Firefox ikiwekwa kwenye ulinzi wa "Strict" inazuia vifuatiliaji vingi. Na mtandao wa ofisi au chuo unaweza kuwa umezuia kampuni za matangazo tangu juu. Usihangaike kutafuta programu usiyokuwa nayo. Angalia kwanza unatumia kivinjari gani na mtandao wa nani.

Njia ya kwanza: kuzima kwa tovuti hiyo peke yake

Hiki ndicho tovuti inachokiomba, na kikifanywa sawasawa si kitu cha kutisha. Kwenye uBlock Origin unabofya alama yake juu kulia mwa kivinjari, kisha kitufe kikubwa cha kuwashia na kuzimia, halafu unapakia ukurasa upya. Umezima kwa tovuti ile tu, kwingine kote kinaendelea na kazi. Ukishikilia Ctrl unapobofya, umezima kwa ukurasa ule mmoja tu. Kwenye uBlock Origin Lite, ambayo watumiaji wengi wa Chrome wamehamia baada ya ile ya zamani kuondolewa huko, unasogeza kiwango mpaka "No filtering" ukiwa kwenye tovuti husika. Kwenye Brave unabofya alama ya simba na kuzima "Shields" kwa tovuti hiyo.

Usalama wake unategemea tovuti, na pia kampuni za matangazo ambazo mwenye tovuti mwenyewe hazifahamu zote. Machi 2016 matangazo yenye programu hasidi yalipenya mpaka kwenye tovuti za BBC na New York Times, yakilenga kompyuta zenye programu za zamani ambazo hazijasasishwa. Wahariri hawakuwa na habari, kwa kuwa matangazo yalipitia kwa mawakala. Desemba 2022 FBI ya Marekani ilionya kuhusu matangazo kwenye injini za utafutaji yanayojifanya kampuni halali, na mojawapo ya ushauri wake kwa raia wa kawaida ilikuwa kutumia kizuia matangazo wanapotafuta. Kwa hiyo kuzima ni kukubali hatari ndogo. Ukiwa na kivinjari kilichosasishwa hatari hiyo hupungua sana, ukiwa na kompyuta ya zamani isiyosasishwa inakua.

Kwa upande wa bando, ile makala ya viazi niliipima baadaye kwa kubonyeza F12 na kuangalia sehemu ya "Network". Kizuizi kikiwa kimewashwa ilivuta chini ya MB moja. Kilipozimwa, ndani ya dakika mbili ilikuwa imepita MB tano, kwa sababu video ya tangazo ilijiwasha yenyewe pembeni. Huo ni ukurasa mmoja wa siku moja, kwingine tofauti huwa ndogo. Lakini anayenunua bando la siku ataisikia.

Makala hufunguka karibu kila mara. Na mwenye tovuti anapata chake.

Kosa linalofanyika kwenye njia hii ni moja: mtu anazima kizuizi chote, au anakifuta kabisa, kwa ajili ya ukurasa mmoja, kisha anasahau. Baada ya wiki mbili anashangaa matangazo yamerudi kila mahali.

Wenye simu wanaozuia matangazo kwa "Private DNS" ya Android, kwa kuandika mfano `dns.adguard-dns.com`, wajue jambo hili: huwezi kuifungulia tovuti moja kwa njia hiyo. Ukiizima, umeizima kwa simu nzima, pamoja na programu zako zote. Kama unaitumia, pita moja kwa moja kwenye njia ya tatu au ya nne.

Njia ya pili: kuifungua mahali pa pembeni

Hii ndiyo niliyoitumia siku ile ya viazi. Kwenye kompyuta, viendelezi havifanyi kazi ndani ya dirisha la faragha mpaka wewe mwenyewe uviruhusu. Watu wengi huliona hilo kama kasoro, ila hapa linatusaidia. Unanakili anwani ya makala, unafungua dirisha la faragha kwa Ctrl + Shift + N kwenye Chrome au Edge, au Ctrl + Shift + P kwenye Firefox, unaibandika, unasoma. Matangazo yanaonekana, tovuti inaridhika, ingawa Firefox huzuia vifuatiliaji ndani ya dirisha hilo na kibao kinaweza kurudi. Lakini dirisha lile halikujui: halina barua pepe uliyoingia wala vidakuzi vya jana, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari. Ukifunga madirisha yote ya faragha, vidakuzi vilivyokusanywa humo vinafutika, na kizuizi chako cha kila siku hujakigusa, kwa hiyo hakuna cha kusahau kuwasha.

Usalama basi ni bora kuliko njia ya kwanza upande wa kufuatiliwa na upande wa akaunti zako. Haikulindi na tangazo lenyewe. Ukibofya tangazo la uongo, litakupeleka kulekule. Ukipakua faili, linabaki kwenye kompyuta hata baada ya kufunga dirisha. Na mtoa huduma wako wa intaneti bado anaona unatembelea tovuti gani. Dirisha la faragha ni chumba cha wageni, halina silaha mlangoni.

Bando linaliwa sawa na njia ya kwanza. Kufunguka, hufunguka mara nyingi, ingawa tovuti chache hukataa dirisha la faragha na kukutaka uingie kwa akaunti. Mwenye tovuti analipwa kwa tangazo kuonekana, japo hakujui kama msomaji wake wa kila siku.

Kwenye simu, wazo ni lilelile kwa sura nyingine: weka kivinjari cha pili ambacho hujaingia akaunti yoyote ndani yake, wala hukitumii kwa mambo ya pesa, kiwe cha kufungulia tovuti sumbufu. Chrome ya Android haikubali viendelezi, hivyo anayesoma kila siku kwa Firefox yenye uBlock Origin anaweza kuifanya Chrome kuwa kivinjari hicho cha pembeni, alimradi asiwe ameingia akaunti yake ya Google humo. Simu nyingi huingia zenyewe, kwa hiyo hakikisha.

Njia ya tatu: hali ya kusoma

Kumbuka zile sekunde mbili ambazo mistari ya makala ilionekana kabla ya kibao kushuka. Zinakuambia jambo muhimu: mara nyingi maandishi yote yameshafika kwenye kompyuta yako, kibao kimewekwa juu yake kama turubai juu ya gari la viazi. Hali ya kusoma huchukua maandishi na picha za makala tu, ikaacha turubai.

Kwenye Firefox, alama ya ukurasa wenye mistari hutokea kwenye upau wa anwani, au unabonyeza F9 kwenye Windows. Edge nayo hutumia F9. Chrome ya kompyuta ina "Reading mode" kwenye menyu. Ukibofya mara tu ukurasa unapofunguka, unapata makala safi, maandishi makubwa, na kwenye Firefox au Edge iko tayari kuchapishwa. Kwa kazi yangu ya kutoa karatasi, hakuna kinachoishinda: ukurasa uliokuwa unamaliza karatasi sita kwa sababu ya mabango unatoka karatasi mbili.

Usalama ni mzuri kuliko njia zote za kufungua, kwa kuwa kizuizi hakijaguswa. Bando dogo. Kufunguka ndiko kwenye shida. Kama mistari ya kwanza haikuonekana kabisa, au ilionekana aya moja tu ikafuatwa na vidoto, seva haijatuma makala, na hali ya kusoma itakuletea aya hiyohiyo moja. Baadhi ya tovuti pia hujengwa kwa namna ambayo alama ya kusoma haitokei.

Na mwenye tovuti hapati kitu. Kwa makala moja ya dharura siumii sana. Kwa tovuti ninayoisoma kila wiki naona si haki kuifanya iwe tabia, hasa kwa waandishi wadogo wa Kiswahili wanaoandika wenyewe bila ofisi nyuma yao. Huo ni msimamo wangu, wewe pima wako.

Onyo moja linahusu njia hii na jamaa zake. Mtu akishindwa, hutafuta kiendelezi cha "kuvunja vibao" na kusakinisha cha kwanza anachokiona. Aprili 2018 kampuni ya AdGuard ilifichua vizuia matangazo bandia kwenye duka la Chrome vilivyokuwa vimesakinishwa na watu zaidi ya milioni 20. Oktoba 2020 Nano Adblocker, iliyokuwa ya kuaminika, iliuzwa kwa wamiliki wapya na ikaanza kuiba taarifa za watumiaji. Kiendelezi cha aina hii huomba ruhusa inayosomeka "Read and change all your data on all websites". Maana yake ni pamoja na ukurasa wa benki yako. Kukwepa kibao kimoja kwa bei hiyo ni hasara.

Njia ya nne: kuondoka

Unafunga ukurasa na kutafuta pengine. Hatari hakuna, bando hakuna, mwenye tovuti hapati kitu lakini naye hajakupa kitu, kwa hiyo hamdaiani. Swali pekee ni kama utakipata ulichokitafuta.

Mara nyingi utakipata. Nakili kichwa cha makala, kibandike kwenye utafutaji, uone kama kimechapishwa pengine. Jaribu anwani ya ukurasa kwenye `web.archive.org`, ambako nakala za zamani za kurasa nyingi zimehifadhiwa. Kwa mambo ya kilimo huku kwetu, afisa ugani wa kata, au watafiti wa kilimo wa TARI pale Uyole, wanaweza kumjibu mkulima vizuri kuliko makala iliyoandikwa kwa ajili ya udongo wa nchi nyingine. Kuna pia tovuti zinazokupa nafasi ya kulipia usome bila matangazo. Kama unaisoma kila siku na una kadi, au kadi pepe ya huduma ya pesa za simu, hilo ni suluhisho safi. Ila hakikisha ukurasa wa malipo ni wa tovuti ileile, uliufikia kwa kuandika anwani mwenyewe, haukuletwa na kibao.

Kulingana na hali yako

Kama ni gazeti au tovuti unayoifahamu, unaisoma mara kwa mara, na kifaa chako kimesasishwa, zima kizuizi kwa tovuti hiyo peke yake.

Kama kompyuta ni ya watu wengi, iwe ya steshenari, shule au ofisi, tumia dirisha la faragha na ulifunge mteja akiondoka. Usiguse mipangilio ya kizuizi.

Kama bando lako ni la siku na MB zimebaki chache, au unataka kuchapisha, anza na hali ya kusoma. Ikikataa, ondoka.

Kama unatumia "Private DNS" kwenye simu, usiizime kwa ajili ya makala. Hali ya kusoma, au kuondoka.

Kama tovuti huijui, uliifikia kupitia kiungo cha kwenye kundi la WhatsApp, au kibao kinaomba chochote zaidi ya kuzima, ondoka bila kubofya hata alama ya kufunga iliyo ndani ya kibao. Funga kichupo chenyewe cha kivinjari.

Kama umeshabofya "Allow", nenda kwenye "Notifications" kama nilivyoeleza juu. Kama umesakinisha kiendelezi, kiondoe kwanza, kisha ubadilishe nywila ya barua pepe yako ukiwa kwenye kifaa kingine.

Yule mama wa Isyonje nilimtolea karatasi mbili. Dirisha la faragha lilifungua makala, hali ya kusoma ikaisafisha kabla ya kuchapisha, na chini ya karatasi ya pili nikamwandikia kwa kalamu akamwone afisa ugani wa kata yake na jani lenyewe mkononi kabla ya kununua dawa yoyote. Alipotoka nikafunga dirisha, na kabla ya mteja aliyefuata kukaa nikafungua ukurasa mwingine kuhakikisha namba ndogo kwenye alama ya uBlock Origin bado inahesabu.